Je, Mizani Isiyo na Moyo Yaweza Kupendelea?

Siku moja, msomaji, utamaliza masomo yako na kwenda kutafuta kazi. Utaketi mezani uandike barua ya maombi, na pamoja nayo wasifukazi, yaani waraka unaoeleza jina lako, shule ulizosoma, vyeti ulivyopata na kazi ulizowahi kufanya. Zamani waraka huo ulisomwa na karani au meneja. Huenda alikuwa mwema au mwovu, makini au mvivu, lakini alikuwa mtu. Siku hizi, katika makampuni mengi makubwa yanayopokea maombi kwa maelfu, msomaji wa kwanza si mtu tena. Ni programu ya tarakilishi inayoupitia kila waraka, ikaupa alama, kisha ikawapanga waombaji kutoka juu hadi chini. Meneja huwasoma wale wa juu. Wale wa chini hupelekewa majibu mafupi ya kukataliwa, na wengine hawapelekewi jibu lolote.

Wako watu wanaoipokea habari hii kwa furaha. Husema kwamba mtu ana ndugu na jamaa, ana kabila na dini, ana chuki na mapenzi. Mashine haina hata kimoja kati ya hivi. Mashine haijui mjomba wala shangazi. Haipokei rushwa, haichoki jioni, wala haikasiriki kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Basi kwa nini tusiikabidhi mizani, ili kila mwombaji apimwe kwa haki? Hoja hii ina sura nzuri, na kwa sababu hiyo yatupasa kuichunguza kabla ya kuikubali. Je, kitu kisicho na moyo chaweza kupendelea? Na kama chaweza, sisi tutajuaje, na lawama itakuwa ya nani?

Tuanze kwa kutazama namna mashine ya aina hii inavyopata elimu yake. Yako mambo ambayo mtengenezaji huiamuru moja kwa moja, kwa mfano kwamba mwombaji wa kazi ya udereva awe na leseni. Lakini programu nyingi za siku hizi hufunzwa kwa mifano. Hupewa nyaraka za waombaji wa miaka iliyopita, pamoja na habari ya nani aliajiriwa na nani aliachwa. Programu hutafuta maneno na alama zilizokuwa zikionekana mara nyingi katika nyaraka za walioajiriwa, ikazipa uzito. Wewe ukija na waraka wako, hulinganishwa na wale waliokutangulia. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mashine hii ni mtoto aliyelelewa na mazoea ya ofisi. Ofisi ikiwa ilikuwa na haki, mtoto atajifunza haki. Na ikiwa ilikuwa na upendeleo, mtoto atajifunza upendeleo huo, tena atautenda kwa bidii na bila kusahau.

Jambo hili lilionekana wazi katika kampuni ya Amazon ya Marekani. Kwa habari zilizotolewa na shirika la Reuters mwezi wa Oktoba 2018, wahandisi wa kampuni hiyo walianza mwaka wa 2014 kujenga programu ya kuwapa waombaji wa kazi nyota, kuanzia 1 hadi 5. Waliifunza kwa nyaraka zilizoletwa kwao katika muda wa miaka 10, na wengi wa walioleta nyaraka hizo walikuwa wanaume. Kufikia mwaka wa 2015 wakagundua kwamba, kwa kazi za ufundi wa tarakilishi, programu yao haikuwapima wanaume na wanawake sawasawa. Ilikuwa ikipunguza alama za waraka wowote uliokuwa na neno “wanawake”, kwa mfano mwombaji akiandika kwamba alikuwa kiongozi wa chama cha wanawake cha mchezo wa sataranji. Iliwashusha pia waliohitimu katika vyuo viwili vya wanawake watupu. Wahandisi waliirekebisha ili isiyajali maneno hayo, lakini hawakuweza kuwa na hakika kwamba haitatafuta njia nyingine ya kufanya yale yale. Mwanzoni mwa mwaka wa 2017 kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Kampuni ilisema kwamba waajiri wake hawakuitumia programu hiyo kuwapima waombaji.

Hakuna mtu aliyekaa akaiambia mashine ile iwachukie wanawake, wala mashine yenyewe haikujua mwanamke ni nani. Iliona tu kwamba neno fulani lilikuwa haba katika nyaraka za walioajiriwa, ikalihesabu kuwa kasoro. Jinsia yenyewe yaweza kufutwa katika waraka, lakini vitu vinavyosimama badala yake ni vingi. Fikiri waraka wako wewe mwenyewe. Jina la shule ya wasichana hutaja jinsia. Jina la ukoo huweza kutaja kabila. Anwani hutaja mtaa, na mtaa hutaja kipato cha wazazi. Mwaka wa kumaliza kidato cha nne hutaja umri. Hata pengo la miaka miwili kati ya kazi moja na nyingine laweza kusema kwamba hapo palizaliwa mtoto. Kwa hiyo anayesema, “Mashine yetu haiulizi jinsia wala kabila, basi haina hatia,” amefunga mlango akasahau madirisha.

Swali hili la kipimo kinachoonekana sawa kwa wote lilikuwapo kabla ya tarakilishi kuingia maofisini. Kule North Carolina, Marekani, palikuwa na kampuni ya umeme iitwayo Duke Power. Kabla ya mwaka wa 1965, katika kituo chake kimoja, watu weusi waliwekwa katika idara ya vibarua tu, ambamo aliyelipwa mshahara wa juu kabisa alipata chini ya mzungu aliyelipwa mshahara mdogo kabisa katika idara nyingine. Mwaka huo wa 1965 sheria mpya ya kukataza ubaguzi kazini ilianza kutumika. Kampuni ikafungua milango ya idara zote, lakini ikaweka masharti: kibarua wake atakayetaka kuhamia kazi hizo awe amemaliza shule ya sekondari, au afaulu mitihani miwili ya akili na ufundi. Masharti hayakutaja rangi ya mtu. Hata hivyo, kwa hesabu ya watu ya mwaka wa 1960 katika jimbo lile, asilimia 34 ya wanaume weupe walikuwa wamemaliza shule ya sekondari, na kwa weusi asilimia 12 tu. Tena wazungu walioajiriwa zamani bila cheti hicho waliendelea na kazi zao, nao walizifanya vizuri.

Wafanyakazi weusi 13 wakaenda mahakamani, mmoja wao akiwa Willie Griggs, na kesi ikaitwa kwa jina lake. Mwaka wa 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa sauti moja kwamba nia njema ya mwajiri haitoshi. Kipimo kikiwafungia nje watu wa kundi fulani kuliko wengine, mwajiri lazima aonyeshe kwamba kipimo hicho kinahusiana na kazi yenyewe. Asipoweza, kipimo kimeharamishwa, hata kama hakikutungwa kwa uovu. Msomaji, shika sana neno hili, maana ukaguzi wa mashine zetu wa leo umesimama juu yake: kipimo huhukumiwa kwa matokeo yake na kwa uhusiano wake na kazi, si kwa usafi wa moyo wa mwenye kukitumia.

Sasa tuingie katika ukaguzi wenyewe. Sitatumia hesabu ngumu. Anayejua kugawanya ataelewa yote. Chukua mfano huu wa kubuni. Kampuni moja yataka makarani wa hesabu. Waombaji ni 1,000, wanaume 600 na wanawake 400. Programu imempa kila mmoja alama kati ya 0 na 100, na wale waliopata 70 na zaidi wameitwa kuhojiwa. Walioitwa ni wanaume 180 na wanawake 72.

Kosa la kwanza la mtu asiyezoea ni kulinganisha 180 na 72 na kupiga kelele. Hilo si sawa, maana wanaume walioomba walikuwa wengi zaidi. Mkaguzi hutafuta kiwango cha kila kundi: katika wale walioomba, wangapi wameitwa? Kwa wanaume ni 180 katika 600, yaani asilimia 30. Kwa wanawake ni 72 katika 400, yaani asilimia 18. Kisha hugawanya kiwango cha chini kwa kiwango cha juu: 18 kwa 30 ni 0.60. Nambari hiyo ndiyo uwiano wa makundi. Ingekuwa 1, makundi yangekuwa yamepita mlangoni sawasawa. Katika mwongozo uliotolewa na serikali ya Marekani mwaka wa 1978, uwiano ulio chini ya nne ya tano, yaani 0.80, kwa kawaida huhesabiwa kuwa dalili ya kipimo chenye madhara kwa kundi moja. Kampuni yetu iko chini sana ya hapo. Kama wanawake wangeitwa kwa kiwango cha wanaume, wangeitwa 120. Wameitwa 72. Basi wanawake 48 wako nje ya mlango, na kila mmoja wao nyumbani kwake adhani kwamba hakufaa.

Je, yaweza kuwa ni bahati tu? Mkaguzi mwema hujiuliza swali hilo kabla ya kumshitaki mtu. Namna ya kulijibu ni rahisi kuifikiri. Chukua karatasi 1,000, uandike “mwanamume” katika 600 na “mwanamke” katika 400. Zichanganye ndani ya kikapu, uchomoe 252 bila kutazama, halafu uhesabu. Hicho ndicho kipimo kisichojali jinsia hata kidogo. Zirudishe, uchomoe tena. Tarakilishi yaweza kukufanyia hivyo mara 10,000 kwa muda mfupi, na huenda usione hata mara moja tofauti kubwa kama ile ya kampuni yetu. Kwa hiyo hatuwezi kuilaumu bahati.

Lakini hesabu hiyo hiyo hutufundisha unyenyekevu mahali watu ni wachache. Tuseme kwamba katika kampuni nyingine waombaji wenye ulemavu walikuwa 10, wakaitwa 2, na katika waombaji wengine 1,000 waliitwa 300. Viwango ni asilimia 20 na asilimia 30, na uwiano ni 0.67. Mtu wa haraka atasema, ubaguzi! Lakini angeitwa mlemavu mmoja tu zaidi, uwiano ungekuwa 1. Hukumu inayogeuzwa na mtu mmoja si hukumu ya kutegemea. Wala isifikiriwe kwamba kampuni hiyo imetakaswa. Kinachojulikana ni kwamba watu hawatoshi kuamua kwa hesabu hii. Inafaa kukusanya habari za miaka kadhaa, au kutumia njia nyingine nitakayoieleza. Wachache wana hatari hii ya kusikitisha, kwamba kwa sababu ya uchache wao dhuluma yao haionekani katika hesabu.

Iko hatari nyingine iliyofichika zaidi. Tuseme waombaji ni 400: wanaume wa mjini 100, wanawake wa mjini 100, wanaume wa shamba 100, na wanawake wa shamba 100. Walioitwa ni wanaume wa mjini 20, wanawake wa mjini 40, wanaume wa shamba 40, na wanawake wa shamba 20. Mkaguzi anayetazama jinsia ataona wanaume 60 katika 200 na wanawake 60 katika 200. Sawasawa! Atakayetazama makao ataona watu wa mjini 60 katika 200, na wa shamba 60 katika 200. Sawasawa tena! Atatia sahihi aende zake. Lakini mwanamke wa shamba ameitwa kwa nusu ya kiwango cha mwanamume wa shamba, na kwa nusu ya kiwango cha mwanamke wa mjini. Mtu haishi katika kundi moja. Wewe ni mvulana au msichana, na papo hapo ni mtu wa mahali fulani, wa umri fulani, wa lugha fulani. Mkaguzi asiyeyapanga makundi kwa kuyakutanisha hupima kivuli cha mtu, akamwacha mtu mwenyewe.

Hapa waajiri wengine huleta kizuizi. Husema, “Sisi hatuandiki jinsia wala makao ya mtu, maana kufanya hivyo ndio ubaguzi.” Msomaji, wapime maneno hayo. Asiyeandika hawezi kuhesabu, na asiyehesabu hawezi kujua. Dawa yake ni kutenganisha vitabu viwili. Mwombaji huulizwa kwa hiari yake, katika karatasi ya pembeni ambayo mashine haiioni wala meneja haisomi. Mkaguzi peke yake huikutanisha na alama, baada ya alama kwisha kutolewa.

Tumekwisha kuona kwamba pana tofauti, lakini hatujajua sababu yake. Unajua namna mkaguzi wa vipimo anavyoijaribu mizani ya dukani. Hamuulizi mwenye duka kama ni mwaminifu. Huweka juu ya mizani jiwe ambalo uzito wake unajulikana, akatazama mizani inasema nini. Katika kazi yetu jiwe hilo ni waraka pacha. Mkaguzi huchukua waraka mmoja, akaunakili, akabadili kitu kimoja tu, kisha akautia wote wawili katika programu. Njia hii ni ya zamani. Wachumi wawili, Bertrand na Mullainathan, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004, waliwapelekea waajiri wa miji ya Boston na Chicago nyaraka za kubuni zipatazo 5,000. Baadhi walizipa majina yanayosikika kuwa ya watu weupe, na nyingine majina yanayosikika kuwa ya watu weusi. Wenye majina ya kizungu waliitwa kwa kiwango kilichozidi kile cha wenzao kwa asilimia 50. Hao waliojaribiwa walikuwa watu. Mashine nayo yaweza kujaribiwa vivyo hivyo, tena kwa urahisi zaidi.

Turudi kwa makarani wetu. Mkaguzi abadilishe majina katika nyaraka 200, Yohana awe Maria na Maria awe Yohana. Tuseme kwamba alama hazikubadilika hata moja. Muuzaji wa programu atafurahi na kusema kwamba shauri limekwisha. Mkaguzi asiondoke. Ajaribu kitu kingine: aache jina, aongeze pengo la miaka miwili kati ya kazi mbili. Sasa alama ya mwombaji yule yule yashuka kutoka 74 hadi 61. Alikuwa ndani ya mlango, na sasa yuko nje, ingawa elimu yake, vyeti vyake na miaka yake ya kazi havikupungua. Mkaguzi akitazama nyaraka zote, aona kwamba wenye mapengo kama hayo wengi ni wanawake. Hapo ndipo sababu ilipojificha. Mashine haikuchukia jina la Maria, ila ilichukia maisha ya Maria.

Sasa lile neno la mwaka wa 1971 larudi. Je, pengo hilo linahusiana na kazi ya ukarani wa hesabu? Si kila tofauti ni dhuluma. Kazi ya udereva yataka leseni, na kazi ya uuguzi yataka cheti cha uuguzi. Hata kama kundi moja lina vyeti haba, hatuwezi kumkabidhi mgonjwa mtu asiyejifunza. Lakini anayedai kwamba pengo la miaka miwili humharibu karani inampasa alete ushahidi. Atazame makarani alio nao kazini: je, wale waliowahi kupumzika wana makosa mengi zaidi katika vitabu vyao vya hesabu? Kama hawana, basi uzito uliotiwa juu ya pengo ni kipande cha risasi kilichobandikwa chini ya kikombe cha mizani.

Tuseme kampuni yautoa uzito huo na kuwapima waombaji wote upya. Sasa waitwa wanaume 168 katika 600, yaani asilimia 28, na wanawake 100 katika 400, yaani asilimia 25. Uwiano ni 0.89. Kazi imeendelea, lakini haijafika 1, na mkaguzi aweza kuuliza tena ni nini kilichobaki. Angalia kwamba hakuna mwanamke aliyeongezewa alama za bure. Njia hiyo ya mkato imekatazwa na sheria ya Marekani ya mwaka wa 1991, ambayo hairuhusu alama za mtihani wa kazi kubadilishwa kwa ajili ya rangi au jinsia ya mtu. Kilichotengenezwa ni mizani, si mizigo.

Mji wa New York ulipitisha sheria mwaka wa 2021, ikaanza kutekelezwa tarehe 5 Julai 2023, inayomtaka mwajiri atumiaye mashine za namna hii aikaguzishe kwa mtu wa nje kila mwaka na kuutangaza uwiano wa makundi. Ni hatua njema, lakini ina mipaka ambayo kijana mwerevu ataiona. Kwa mashine inayotoa alama, sheria hiyo huhesabu waliopita alama ya katikati, yaani ile inayowagawa waombaji nusu kwa nusu. Rudi katika kampuni yetu kabla ya matengenezo. Tuseme waliopita alama ya katikati walikuwa wanaume 310 katika 600 na wanawake 190 katika 400. Viwango vyakaribiana na asilimia 52 na asilimia 48, na uwiano ni 0.92. Kampuni yautangaza kwa fahari. Lakini hakuna anayeitwa kwa kupita katikati. Mlango uko kwenye 70, na hapo uwiano ni 0.60. Hesabu zote mbili ni za kweli. Moja yapimwa mahali ambapo hakuna mtu anayeumia. Tena sheria hiyo yaamuru uwiano utangazwe, wala haiamuru mashine yenye uwiano mbaya izimwe.

Hapa Kenya, Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 27, yakataza ubaguzi wa wazi na pia ubaguzi usio wa wazi, na huo wa pili ndio tuliokuwa tukiuzungumzia tangu mwanzo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, pamoja na vighairi vyake, yampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa sana. Kwa hiyo utakapokataliwa siku moja na barua isiyo na sahihi ya mtu, waweza kuuliza kwa adabu: je, waraka wangu ulisomwa na nani? Kuuliza si ujinga.

Imebaki lawama. Mtengenezaji wa mashine husema kwamba hakuajiri mtu yeyote. Aliuza chombo tu. Mwajiri husema kwamba hakuwahesabu waombaji, aliamini chombo. Meneja husema kwamba hakumkataa mtu; hakuliona jina lake. Kila mmoja wao asema kweli, na wale wanawake 48 wangali nje. Nadhani huu ndio ubaya mkubwa wa dhuluma ya mashine: haikosi wenyewe, bali kila mwenyewe ana njia ya kuikana. Zamani karani mpendeleo alijulikana kwa jina, na mtu aliyeonewa aliweza kumlalamikia mkubwa wake.

Mimi naona kwamba anayeinunua mizani na kuitumia kuwapimia watu amechukua pamoja nayo wajibu wa kuikagua. Hawezi kusema kwamba hakujua, ikiwa kujua kulitaka kugawanya 72 kwa 400 tu. Kutokujua kwa mtu asiyeweza kujua ni udhuru; kutokujua kwa mtu aliyekataa kuhesabu ni uchaguzi, naye ataulizwa uchaguzi wake. Mashine haina moyo, kwa hiyo haiwezi kutenda dhambi. Dhambi yote hubaki kwa wenye moyo.

Huenda wewe, msomaji, usiwe mwombaji daima. Baadhi yenu mtakuwa wahandisi wa kuzijenga mashine hizi, na wengine mtakuwa mameneja wa kuzinunua. Mtaletewa orodha iliyopangwa vizuri, yenye majina na alama, nayo itaonekana kama haki yenyewe. Kabla ya kumwita wa kwanza katika orodha hiyo, ulizeni kwanza walioachwa ni akina nani, na kwa sababu gani.